Ujumbe hatari zaidi ni ule ambao haukuingia

Kama umewahi kuhudhuria hakathoni hapa mjini, unajua lile wazo ambalo halikosi. Vijana watano, laptopu nne, na apu ya kukusanya ripoti za magonjwa kutoka vijijini. Mtu anatuma ujumbe, kidoti chekundu kinatokea kwenye ramani, wakubwa wanaona, watu wanaokolewa. Majaji wanapiga makofi.

Sina shida na apu. Shida yangu ni kwamba katika hiyo ramani kuna mtu amesahaulika. Ni yule anayekaa katikati, kati ya anayetuma ujumbe na anayeangalia ramani, na ambaye kila jioni huchambua ujumbe upi una maana na upi hauna. Kazi yake haionekani, kwa hivyo tunadhani haipo. Halafu tunashangaa kwa nini mifumo yetu mizuri inachelewa kujua kwamba kuna kipindupindu.

Hebu nikupe hadithi fupi. Ni ya kubuni, kwa hivyo usitafute mhusika, lakini kazi anayoifanya ndiyo kazi yenyewe.

Tuko Turkana, kwenye kijiji kimoja kandokando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kakuma. Hiyo ni barabara ya kama kilomita 120, na ukitoka kidogo tu kwenye lami, netiwaki inakuwa ya kubahatisha. Mhudumu wetu wa afya ana watu kumi wanaomletea habari. Ni wahamasishaji wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023, wakapewa mikoba ya vifaa, simu, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Kila mmoja anajua boma zake. Wengine wanaishi sehemu moja mwaka mzima. Wengine wanahama na mifugo, kwa sababu adakar, yaani kundi la familia zinazolisha pamoja, haliwezi kusubiri majani yaote mlangoni.

Wamekubaliana ujumbe uwe mfupi, kwa sababu si wote wamezoea kuandika. `0` maana yake hakuna kitu leo. `1` ni kuharisha majimaji. `2` ni homa na vipele. `3` ni mtoto aliyelegea mkono au mguu ghafla. `4` ni mifugo kufa kwa wingi. Baada ya namba unaongeza maneno machache ukiweza. Majina ya wagonjwa hayaandikwi, maana simu ya kijijini ina mikono mingi.

Jioni, jua likishatua, mhudumu anafungua daftari. Ukurasa wa wiki umepigwa mistari kwa rula: safu kumi kwenda chini, moja kwa kila mhamasishaji, na saba kwenda kulia, moja kwa kila siku. Ndiyo hiyo tu teknolojia yake. Sasa angalia kinachoingia kwenye simu Jumanne moja. Nimeweka namba za wahamasishaji badala ya majina:

```
Na.1   0
Na.4   1 watu 3 kwa laga
Na.2   0
Na.2   0
Na.2   0
Na.6   1 watu 2
Na.3   0
Na.7   1 mtoto
Na.10  0
```

Ungekuwa wewe na apu yako, ungesoma hivi: ujumbe tisa, wagonjwa sita wa kuharisha. Namba 2 ametuma mara tatu, labda kidole kimeteleza. Umemaliza, unalala.

Yeye hajaanza hata. Anachukua kalamu na kuanza na Namba 2. Huyo yuko na mifugo nyuma ya vilima, na netiwaki anaipata akipanda juu tu. Zile sufuri tatu hazikuandikwa siku moja. Ni ya Jumapili, ya Jumatatu na ya Jumanne, zote zimekaa kwenye simu zikisubiri mnara, halafu zikatoka kwa mpigo. Mhudumu anamtumia ujumbe kuhakikisha, kisha anajaza vyumba vitatu badala ya kimoja. Hili linaonekana dogo mpaka ufikirie lingekuwaje kama zingekuwa `1` tatu. Wagonjwa wa siku tatu wangeonekana kama mlipuko wa jioni moja. Ndiyo maana daftari lake halifuati tarehe ambayo ujumbe umeingia. Linafuata tarehe ambayo ugonjwa ulianza, na hiyo lazima uulize.

Kwa hivyo anapiga simu, na hapo ndipo kredo inapoisha. Anampigia Namba 4. Hao watu watatu ni akina nani, wana umri gani, wameharisha mara ngapi tangu jana, kuna damu, walianza lini, maji wanachota wapi? Anaambiwa ni mwanamume wa makamo, mama kijana, na msichana wa miaka sita. Choo ni maji matupu, hakuna damu, zaidi ya mara tano kila mmoja. Wawili walianza Jumatatu usiku, mmoja Jumanne alfajiri. Maji wanachota kwenye kisima cha mchanga, kile kinachochimbwa ndani ya laga, ule mto mkavu unaojaa mvua ikinyesha huko juu.

Anampigia Namba 6. Wagonjwa wake wawili ni mama kijana na mtoto wake wa mwaka mmoja. Mama huyo ameletwa kwa mamake mchana huu ili auguzwe. Ameletwa kutoka wapi? Kutoka kwa boma za Namba 4. Basi ni mtu yule yule, amehesabiwa mara mbili kwa sababu alibebwa kutoka boma moja hadi lingine. Hakuna aliyedanganya. Wahamasishaji wote wawili wamefanya kazi yao vizuri, na bado jumla imekosea.

Namba 7 sasa. Mtoto wake anaharisha damu, siku ya nne leo. Huyo ni mgonjwa wa kweli na anaandikiwa barua ya kwenda zahanati asubuhi, lakini si wa kundi hili. Kuhara damu ni habari nyingine, na mhudumu anaiandika kwenye ukurasa mwingine.

Zile sita sasa zimekuwa ngapi? Kipimo anachotumia kushuku kipindupindu ni mtu wa miaka 2 na zaidi, anayeharisha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24. Mtoto wa mwaka mmoja hahesabiwi hapo, kwa sababu watoto wadogo huharisha kwa sababu nyingi na wangejaza hesabu ovyo. Lakini kutohesabiwa si kutotibiwa. Mtoto wa umri huo huishiwa na maji mwilini haraka kuliko mtu mzima, kwa hivyo Namba 6 anaambiwa aanze kumpa ORS usiku huu huu, pakiti moja kwenye kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo kwa kijiko, na mama aendelee kunyonyesha.

Wamebaki watatu. Namba imeshuka nusu, lakini wasiwasi umepanda. Watatu hawa wana kisima kimoja na saa zile zile. Wagonjwa sita waliotawanyika kwenye vijiji sita wangeweza kuwa bahati mbaya tu. Watatu wa kisima kimoja, ndani ya usiku mmoja, wana kitu kinachowaunganisha. Na tangu mtu ameze vijidudu vya kipindupindu hadi aanze kuharisha inaweza kuwa saa chache tu, au hadi siku tano. Maana yake, kuna wengine waliokunywa maji yale yale na bado wanajisikia poa kabisa.

Wengi wetu tungefunga daftari hapo. Sasa njoo kwenye sehemu iliyonifanya niandike makala haya.

Mhudumu anarudi kwenye ukurasa wake na kutazama vyumba vilivyo vitupu. Namba 5, Namba 8, Namba 9. Simu haimwonyeshi hawa. Simu inaonyesha kilichoingia, bana, haina mahali pa kuonyesha kisichoingia. Ukiifungua usiku ule utaona ujumbe tisa umejipanga vizuri. Daftari lenyewe linaonyesha mashimo matatu.

Kimya kina sababu nyingi na hazifanani. Namba 5 anapatikana kupitia simu ya jirani: chaji imeisha, mawingu yamekaa juu ya paneli tangu asubuhi, hana mgonjwa. Sufuri inaandikwa. Namba 8 alishasema Ijumaa kwamba adakar inahama kuelekea malisho, na mhudumu alikuwa ameweka herufi H kwenye safu yake. Hicho ni kimya kinachojulikana. Hatakiita sufuri, kwa sababu hajui, lakini hakimnyimi usingizi.

Namba 9 ni tofauti. Safu yake ina sufuri kila siku, bila kukosa, hadi Jumapili. Jumatatu hakuna kitu, na leo pia hakuna. Simu: mteja hapatikani. Na boma za Namba 9 ziko wapi? Kwenye laga ile ile, chini kidogo ya kile kisima.

Sasa anaandika ujumbe kwa afisa wa ufuatiliaji wa magonjwa wa kaunti ndogo, huko Kakuma. Usiku huo huo, hasubiri asubuhi:

```
Watu 3 (miaka 2+) kuharisha majimaji, bila damu.
Walianza J3 usiku hadi J4 alfajiri.
Kisima kimoja cha laga. Mtoto 1 wa mwaka 1, familia moja nao.
Na.9 kimya siku 2, laga hiyo hiyo. Natuma mtu alfajiri.
```

Soma huo mstari wa mwisho tena. Hauna mgonjwa hata mmoja ndani yake. Ila ndio unaobadilisha kila kitu, kwa sababu alfajiri mtu wa boda anafika kwa Namba 9 na kumkuta mhamasishaji mwenyewe amelala chini, hana nguvu, na watu wanne zaidi kwenye boma mbili wako hali hiyo hiyo. Hakutuma ujumbe kwa sababu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Timu kutoka Kakuma inaenda kwake kwanza na dripu na ORS, halafu inarudi juu kwenye kisima. Sampuli za choo zinachukuliwa kupelekwa maabara. Majibu ya maabara yatachukua siku, lakini kutibu maji kwa klorini na kufunga kile kisima hakusubiri karatasi.

Mwisho wa hadithi. Sasa fikiria ramani ya hakathoni usiku ule ule. Kwa Namba 4 kungekuwa na vidoti vyekundu. Kwa Namba 9 kungekuwa na nini? Kusingekuwa na kitu. Pengine pangepakwa kijani kabisa. Mahali palipokuwa na hali mbaya zaidi pangeonekana ndipo penye afya zaidi.

Ndiyo hoja yangu nzima. Ugonjwa ukizidi, anayeripoti naye anaugua, anauguza, anazika, au anahama. Kwa hivyo ripoti hupungua pale pale zinapohitajika zaidi, na mfumo unaosoma kilichoingia tu utadanganywa kila mara.

Na usifikirie hii ni nadharia. Kipindupindu kimeshafika Turkana zaidi ya mara moja. Mwaka 2017 kilikuwa kwenye kambi ya Kakuma, mji wa wakimbizi uliokua kando ya mto Tarach tangu 1992. Mwaka 2024 virusi vya polio viligunduliwa Kakuma, na Oktoba mwaka huo kukawa na kampeni ya chanjo kwenye kaunti kadhaa, Turkana ikiwemo. Polio inafundisha somo lake kuhusu kuchambua. Pale kwa `3` hakuna kuhesabu hadi watatu. Mtoto mmoja aliyelegea mguu ghafla anatosha kupiga simu usiku, kwa sababu sampuli mbili za choo lazima zichukuliwe, zikipishana saa 24, ndani ya siku 14 tangu alegee. Ujumbe ukikaa siku kumi nyuma ya vilima ukitafuta netiwaki, muda karibu wote umekwisha. Basi kwenye daftari, safu moja iliyo kimya haiulizi tu kuhusu kuharisha. Inauliza pia kuhusu mtoto huyo mmoja.

Najua utaniambia nini. Ati mimi ni mzee kabla ya umri wangu, nasifu daftari wakati dunia iko kwa wingu. Hapana. Daftari lina aibu zake. Linalowa na kupotea. Afisa aliye Lodwar hawezi kulisoma, na kama kijiji jirani kina wagonjwa watatu wake wa kisima chao, madaftari mawili hayataongea. Kwa hiyo kazi, mifumo ya simu kama eCHIS inayotumiwa na wahamasishaji, au m-Dharura ya kuripoti matukio ya afya, inalishinda daftari mbali sana. Na daftari ni la mtu mmoja: siku mhudumu wetu akiugua yeye, nani atasoma mashimo?

Hata ile sufuri si ya kuaminiwa ovyo. Kuna mtu anaweza kutuma `0` kila jioni kama anavyosema "niko sawa" akiulizwa hali, bila kutembelea boma hata moja. Mhudumu mzuri anajua namna ya kumgundua bila kugombana. Mara moja kwa wiki anaenda na daftari hadi zahanati na kuliweka kando ya rejista ya wagonjwa. Kama rejista ina watoto wanne wa kuharisha kutoka kijiji fulani, na safu ya kijiji hicho ni sufuri tupu, tayari amejua. Haanzi kwa kufoka. Anaanza kwa kwenda naye siku moja boma kwa boma, maana mara nyingi ni umbali, au ni posho iliyochelewa, au ni mtu aliyetuma ripoti tano zikameza ardhi, hakuna aliyemjibu, akakata tamaa.

Kwa hivyo wewe unayejenga hizo apu, na wewe utakayekaa ofisini Lodwar au Nairobi ukipitisha bajeti zake, nina mambo matatu tu.

Kwanza, fanya "leo hakuna" iwe ripoti kamili, siyo kutokuwepo kwa ripoti. Halafu kila jioni mpe msimamizi orodha ya walio kimya, na ni kwa siku ngapi, juu kabisa ya skrini, kabla ya orodha ya waliotuma. Usimpake mtu kijani kwa sababu hajasema kitu. Mpe rangi yake, hata kijivu.

Pili, lipia simu za kuuliza. Ile jioni ya hadithi yetu ilihitaji simu kama nane, na bila hizo sita isingekuwa tatu na Namba 9 asingejulikana. Watu hununua simu janja kwa mamia halafu wanasahau kredo ya mtu wa katikati, ambaye anaitoa kwa mfuko wake hadi siku ambayo mfuko unakataa. Na mafuta ya boda ya alfajiri ni sehemu ya mfumo, kama seva ilivyo.

Tatu, mjibu aliyetuma. "Tumepata, tunakuja kesho" ni maneno matatu. Ukimya wa juu ndio huzaa ukimya wa chini.

Na siku nyingine mtu akikuonyesha ramani ya afya ya Turkana, yote kijani kuanzia mto Turkwel hadi Lokichoggio, usipige makofi haraka. Muulize: hizi ni kijani kwa sababu watu ni wazima, au kwa sababu hakuna aliyeandika? Kama hawezi kutofautisha, bado hana ramani.